Saa Yetu Haisogei: Kwa Nini London Hutukaribia Machi na Kutuacha Oktoba

Shabiki wa mpira wa Afrika Mashariki analijua jambo hili hata kama hajawahi kuelezwa sababu yake. Mwezi Septemba mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4:00 usiku. Ikifika Novemba, mechi za ligi hiyo hiyo zinaanza saa 5:00 usiku, na mtu anayedamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala anaanza kujiuliza kama atazame kipindi cha kwanza tu kisha akalale. Februari bado ni saa 5. Aprili, robo fainali zinapochezwa, saa 4 imerudi.

Wengi hudhani wenye ligi wamebadili ratiba. Hawajaigusa. Kwa mkazi wa London mpira ulianza saa 2:00 usiku mwezi Septemba, ukaanza saa 2:00 usiku mwezi Novemba, na saa 2:00 usiku tena mwezi Aprili. Kilichosogea ni saa ya London yenyewe. Watu wa huko huisogeza mbele kwa saa nzima kila mwisho wa Machi, na kuirudisha nyuma kila mwisho wa Oktoba. Sisi hatufanyi hivyo, kwa hiyo mabadiliko yao tunayasikia kwenye ratiba zetu: mpira, mikutano ya kazi, simu za ndugu walio ughaibuni, hata muda wa kwenda kumpokea mgeni uwanja wa ndege.

Kabla ya kuingia ndani, tukubaliane jambo moja ili tusichanganyikiwe njiani. Saa zote katika makala haya, za kwetu na za kwao, nimezihesabu Kiswahili. Saa 2:00 usiku ya London ni ile ambayo simu huiandika 20:00. Pale ambapo ni lazima kuitaja saa kama inavyosomeka kwenye simu, nitasema.

Ipo saa moja ya msingi duniani ambayo haisogezwi na serikali yoyote, iwe joto au baridi. Kwa muda mrefu imejulikana kwa jina la Greenwich, mahali penye kituo cha kale cha kuangalia nyota huko London, na kifupi chake, GMT, bado kimo midomoni mwa watu. Wataalamu wa leo huitumia saa iitwayo UTC, na kwa shughuli za kawaida hizi mbili ni kitu kimoja. Kila nchi hutangaza saa yake kwa kusema iko mbele au nyuma ya saa hiyo kwa kiasi gani. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele, Januari hadi Disemba. Rwanda, Burundi na miji ya Goma na Lubumbashi iko saa 2 mbele. Omani iko saa 4 mbele. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayebadili namba yake.

London ina namba mbili. Wakati wa baridi namba yake ni sifuri, yaani inakwenda sawasawa na GMT. Wakati wa kiangazi namba yake ni moja. Ukitaka kujua tofauti kati ya miji miwili, unatoa namba moja kwenye nyingine. Nairobi na London wakati wa baridi: tatu toa sifuri, tofauti ni saa 3. Kiangazi: tatu toa moja, tofauti ni saa 2. London ikisogea mbele inatukaribia, kwa sababu sisi tuko mbele yake tayari. Mji ulio mashariki kwetu ukifanya jambo lilelile matokeo yanageuka. Sidney, Australia, iko saa 10 mbele ya GMT katika miezi yake ya baridi na saa 11 katika kiangazi chake, hivyo tofauti yake na Dar es Salaam inatoka saa 7 kwenda saa 8. Saa ikisogezwa mbele mji ulio magharibi unakuja, ulio mashariki unakwenda.

Hesabu ndiyo hiyo. Swali zito zaidi ni kwa nini mtu aisumbue saa yake mara mbili kwa mwaka.

Jibu liko kwenye jua, na sisi tulio karibu na ikweta tunahitaji kulitazama kwa makini kwa sababu jua letu ni tulivu mno. Nairobi, mchana mrefu kuliko yote katika mwaka haumzidi mchana mfupi kuliko yote hata kwa robo saa. Dar es Salaam, iliyo kusini kidogo zaidi, tofauti hiyo haifiki saa moja. Kulima, kusali, kufungua duka na kupeleka watoto shule kunaweza kufuata saa ileile mwaka mzima na jua likawa pale pale. London si hivyo. Siku ndefu ya Juni huko ina mwanga wa jua kwa zaidi ya saa 16 na nusu. Siku fupi ya Disemba haifiki saa 8.

Sasa ichukue siku hiyo ya Juni uitazame kwa saa isiyosogezwa. Jua lingechomoza London kabla ya saa 10 ya alfajiri, kama dakika 17 hivi kabla, na lingezama saa 2 na dakika 20 usiku. Saa kadhaa za mwanga mzuri zingepita watu wakiwa wamelala, mapazia yamefungwa. Ukiisogeza saa mbele kwa saa moja, jua linachomoza karibu saa 11 kasorobo, watu bado wamelala bila kukosa kitu, halafu jioni jua linazama saa 3 na dakika 20. Mtu anayetoka kazini saa 11 jioni anapata zaidi ya saa 4 za mwanga za kucheza na watoto, kupalilia bustani au kukaa nje. Hakuna dakika hata moja ya mwanga iliyoongezwa. Imechukuliwa asubuhi, mahali isipotumika, ikahamishiwa jioni.

Wakati wa baridi mchezo huu unaharibika. Disemba jua la London huchomoza saa 2 na dakika chache asubuhi. Kama saa ingeachwa ilivyokuwa kiangazi, lingechomoza baada ya saa 3, watoto wakienda shule na wafanyakazi wakipanda treni gizani. Waingereza walilijaribu hilo kwa dhati. Kuanzia 1968 hadi 1971 waliiacha saa yao mbele mwaka mzima. Kaskazini mwa Skotilandi, ambako siku za Disemba ni fupi zaidi, jua likawa linatoka karibu na saa 4 asubuhi. Malalamiko yalikuwa makali, Bunge likakataa kuendelea, na Oktoba 1971 saa zikarudishwa nyuma. Ndiyo maana kuna safari ya kwenda na safari ya kurudi. Kiangazi kina mwanga wa ziada wa kuhamisha, baridi haina.

Ndiyo maana pia sisi hatuna sababu ya kuiga. Tungesogeza saa mbele Nairobi, jua ambalo huchomoza karibu saa 12 na nusu lingechomoza saa 1 na nusu, na lingezama saa 1 na nusu badala ya saa 12 na nusu, miezi yote. Tusingepata mwanga uliokuwa unapotea usingizini, kwa sababu haupo. Watu wetu huamka na jua tayari.

Aliyelishikia bango wazo hili Uingereza alikuwa mjenzi wa nyumba aitwaye William Willett. Alikuwa na desturi ya kupanda farasi asubuhi na mapema pembezoni mwa London, na alikereka kuona nyumba zimefungwa huku jua liko juu. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu kwa fedha zake. Pendekezo lake la kwanza lilikuwa gumu kuliko tulilonalo leo: saa isogezwe dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne za Aprili, na kurudishwa vivyo hivyo Septemba. Fikiria ratiba ya treni inayobadilika mara nane kwa mwaka. Bunge lilimsikiliza, likajadili, likakataa. Willett alifariki mwaka 1915 bila kuiona saa yake.

Vita ndivyo vilivyoamua. Tarehe 30 Aprili 1916, Ujerumani, ikitafuta namna ya kuokoa makaa ya mawe yaliyokuwa yakichomwa kwa ajili ya taa za jioni, ilisogeza saa zake mbele. Uingereza, adui yake, ikafuata tarehe 21 Mei mwaka huohuo. Katika msitu wa Petts Wood, karibu na alipokuwa akiishi Willett, limejengwa jiwe la kumbukumbu lenye saa ya jua, ile inayosomwa kwa kivuli, nayo imechongwa ionyeshe saa za kiangazi. Anayeisoma Desemba atakuta iko saa nzima mbele ya saa ya mkononi mwake.

Sasa tutazame usiku wenyewe wa mabadiliko. Sheria ya Ulaya na Uingereza ni kwamba saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya msingi inapogonga saa 7:00 usiku, yaani 01:00. Mwaka 2026 Jumapili hizo ni tarehe 29 Machi na tarehe 25 Oktoba.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi, saa ya London inafika saa 6:59. Dakika inayofuata haisomeki saa 7:00. Inasomeka saa 8:00. Saa nzima kati ya saa 7 na saa 8 haikuwapo London usiku ule. Ukimwambia mtu mkutane saa 7 na nusu, umemwambia saa ambayo haipo. Wakati huohuo Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa 9:59 usiku, ikawa saa 10:00 kama kawaida. Dakika moja kabla, saa 6:59 dhidi ya saa 9:59, tofauti saa 3. Dakika moja baadaye, saa 8:00 dhidi ya saa 10:00, tofauti saa 2.

Oktoba filamu inarudishwa nyuma. Saa ya London inafika saa 7:59 usiku, na badala ya kuingia saa 8:00 inarudi saa 7:00. Saa ile ya kati ya saa 7 na saa 8 inapita mara mbili. Kwetu tena ni saa 10:00 alfajiri, imetimia mara moja tu. Tofauti inarudi saa 3.

Usiku huu wa Oktoba ndio wenye hatari zaidi kwa kumbukumbu. Muuguzi aliye zamu ya usiku London, na ndugu zetu wengi wako kwenye kazi za namna hiyo, anaandika kwenye jalada la mgonjwa kwamba dawa imetolewa saa 7:30. Ipi? Ile ya kwanza au ile ya pili? Kama dozi inayofuata ni baada ya saa 4, kosa la saa nzima si dogo. Kwa hiyo mtu makini huandika pembeni kama ni kabla au baada ya saa kurudishwa. Zamu yenyewe ya saa 12 inakuwa ya saa 13 usiku huo, na ile ya Machi inakuwa ya saa 11. Anayelipwa kwa saa anapaswa kuitazama hati yake ya mshahara miezi hiyo miwili.

Au chukua ujumbe wa simu. Kaka aliye London anakutumia ujumbe saa 7:50, kabla ya saa kurudi. Unamjibu baada ya dakika 15. Kwake wakati jibu linaingia, saa ya ukutani inasoma 7:05. Mtu akija kusoma saa hizo zilizoandikwa kwa kalamu, ataona jibu limetangulia swali. Kwako mambo yamenyooka: swali saa 9:50, jibu saa 10:05. Kompyuta zilizotengenezwa vizuri huliepuka tatizo hili kwa kuweka kumbukumbu zote kwa saa ya msingi, na kuigeuza kuwa saa ya mji pale tu inapoonyeshwa kwa mtu.

Hadi hapa nimezungumzia jozi moja ya miji, mmoja umetulia na mwingine unasogea. Jozi zote za dunia haziko hivyo. Dar es Salaam na Maskati zote zimetulia, na tofauti yao ni saa 1 siku zote. London na Paris zote zinasogea, lakini tofauti yao pia ni saa 1 siku zote, kwa sababu zinasogea katika dakika moja. Ndiyo faida ya sheria ya kufuata saa ya msingi: Lisbon, Paris na Athens zinaruka pamoja ingawa saa zao za ukutani wakati huo zinasoma tofauti. Kwa ndugu zetu wa Goma na Bujumbura jambo lina utamu wake. Brussels iko saa 1 nyuma yao wakati wa baridi, na kiangazi saa zinalingana kabisa.

Pagumu ni pale miji miwili inaposogea yote, lakini si kwa tarehe moja. Marekani husogeza saa zake mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Utaratibu huu ulianza mwaka 2007, baada ya sheria iliyopitishwa mwaka 2005 kurefusha saa za kiangazi. Kwa hiyo kila Machi Marekani inatangulia Ulaya kwa wiki mbili au tatu, na kila vuli inachelewa nyuma yake kwa wiki moja. Katika wiki hizo tofauti ya London na New York, ambayo kwa kawaida ni saa 5, inakuwa saa 4.

Tuifuate familia moja ya mfano kwa mwaka 2026 tuone inavyokuwa. Mama yuko Morogoro. Mwanawe wa kiume yuko London, binti yake yuko New York. Wamekubaliana kupigiana simu ya video kila Jumapili, watatu pamoja.

Tuseme kwanza kwamba saa ni ya mama: saa 2:00 usiku ya Morogoro, chakula kimeshaliwa na wajukuu wapo. Februari, hiyo ni saa 11:00 jioni London na saa 6:00 mchana New York. Tarehe 8 Machi Marekani inasogeza saa. Kwa binti simu sasa inaingia saa 7:00 mchana, kwa kaka bado saa 11:00. Tarehe 29 Machi ni zamu ya London, na kwa kaka simu inakuwa saa 12:00 jioni. Hivyo ndivyo inavyokwenda hadi tarehe 25 Oktoba, kaka anaporudi saa 11:00, na tarehe 1 Novemba, binti anaporudi saa 6:00 mchana. Mama hakubadili chochote mwaka mzima.

Sasa tuseme saa ni ya binti. Anatoka kanisani, anapiga simu saa 6:00 mchana kila Jumapili, kwa saa ya New York. Februari mama anaipokea saa 2:00 usiku na kaka saa 11:00 jioni, kama mwanzo. Tarehe 8 Machi mama anashtukia simu inaita saa 1:00 usiku, ugali bado uko jikoni. Kwa kaka inaita saa 10:00 alasiri. Kisha tarehe 29 Machi, London inaposogea, kaka anarudi kwenye saa 11:00 yake. Kwake yote yalikuwa ni mtikisiko wa Jumapili tatu. Kwa mama saa 1:00 inaendelea hadi Novemba. Oktoba mwishoni kaka anatikiswa tena, safari hii kwa Jumapili moja tu, tarehe 25.

Familia ni ileile na miji ni ileile, lakini ratiba zimekuwa mbili zisizofanana. Ndiyo maana nasema kila miadi inayovuka mipaka ina mwenyewe, mji ambao saa yake ndiyo inayofuatwa. Watu wasipotaja mji huo, kila mmoja hudhani ni wake, na kwa miezi kadhaa wote huonekana wako sahihi. Kosa hutokea Machi.

Kalenda za simu hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mwaliko wa mkutano wa kila wiki huandikwa kwa saa ya mji wa aliyeutengeneza. Bosi wa London akiweka mkutano wa kila Jumatatu saa 3:00 asubuhi kwake, wewe wa Nairobi utauona saa 6:00 mchana wakati wa baridi na saa 5:00 asubuhi kiangazi. Simu yako haijaharibika. Imetii saa ya mwenye mkutano. Kama wewe ndiye unayejaza mji kwenye kalenda au kwenye mipangilio ya kompyuta, chagua jina la mji, si namba. Kwenye mifumo mingi majina hayo huandikwa `Europe/London`, `Africa/Nairobi`, `Africa/Dar_es_Salaam`. Jina la mji hubeba ndani yake kanuni zote za kusogea kwake. Ukichagua `GMT` ukidhani umeichagua London, utakuwa sahihi Januari na utakosea kwa saa nzima Julai.

Kosa hilo la `GMT` ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na hata Waingereza wenyewe hulifanya. Unapokea mwaliko wa mjadala wa mtandaoni, tarehe ni ya Julai, umeandikwa `16:00 GMT`. Ukiusoma kama ulivyoandikwa, kwetu ni saa 1:00 usiku. Lakini mwandishi alikuwa ameketi London akaangalia saa yake ya ukutani, na mwezi Julai saa hiyo si GMT. Alimaanisha mjadala uanze wakati ambapo kwetu ni saa 12:00 jioni. Unafungua kompyuta yako saa 1 kamili, ukakuta watu wanaagana. Dalili ya kukushtua ni hii: tarehe iko kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, mwaliko umetoka Uingereza, na umeandikwa `GMT`. Muulize aliyeutuma. Kifupi sahihi cha saa yao ya kiangazi ni `BST`.

Simu hujua tarehe za kusogea kwa sababu kanuni za kila nchi zimehifadhiwa katika orodha moja ya dunia inayotunzwa na wataalamu na kusambazwa kwa masasisho ya programu. Serikali ikitangaza mapema, mambo hupita kimya. Ikibadili mawazo dakika za mwisho, hata simu hupotea njia. Machi 2023 serikali ya Lebanoni iliahirisha saa za kiangazi siku chache tu kabla ya tarehe yake, kwa sababu ya mfungo wa Ramadhani. Kanisa la Wamaroni na baadhi ya vituo vya televisheni vilikataa kuahirisha. Kwa siku kadhaa nchi moja ilikuwa na saa mbili, na mtu mwenye miadi Beirut ilimbidi kwanza aulize anayekutana naye anafuata ipi. Serikali ikaufuta uamuzi wake ndani ya wiki ileile. Misri nayo ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023 baada ya miaka kadhaa bila hizo, na tangu hapo Kairo, ambayo iko saa 1 nyuma ya Nairobi, hulingana nayo kuanzia Ijumaa ya mwisho ya Aprili hadi Alhamisi ya mwisho ya Oktoba.

Ulaya yenyewe imechoka. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura ya kuukomesha utaratibu huu ifikapo 2021. Mwaka huo ulipita na hakuna kilichotokea, kwa sababu serikali za nchi wanachama hazikuafikiana, na kila nchi ingelazimika kuchagua kama ibaki na saa ya baridi au ya kiangazi moja kwa moja. Hilo la kuchagua ndilo gumu. Hispania na Polandi zinatumia saa moja leo, lakini jua la mashariki mwa Polandi hutangulia la magharibi mwa Hispania kwa zaidi ya saa mbili. Saa inayoifaa Warszawa inaiacha Galisia gizani asubuhi.

Kwa maoni yangu hatutakiwi kusubiri wao waamue. Mashirika ya ndege hayasubiri: msimu wao wa ratiba za kiangazi huanza Jumapili ileile ya mwisho ya Machi, na saa ya ndege kutua Nairobi inaweza kubadilika wiki hiyo hata kama saa ya kuondoka London haikuguswa. Anayekwenda kumpokea mgeni wiki hiyo asitegemee saa aliyoikariri Februari, aangalie tiketi upya.

Na wewe unayeandika mwaliko kwa watu wa nchi mbili au tatu, taja tarehe, taja mji wenye saa, kisha andika saa ya kila mji kama itakavyosoma siku hiyo: London 16:00, Nairobi 18:00. Kama mkutano ni wa kila wiki, tuma saa hizo upya wiki ya pili ya Machi, mwisho wa Machi, mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba.